Barua ya Wazi kwa Wenye Maduka ya Tanga Juu ya Mali Kauli

Kwa waheshimiwa wenye maduka ya dawa, mameneja wa supamaketi, na wenye maduka madogo ya Tanga mjini,

Nawaandikia nyote kwa pamoja jambo ambalo kwa miaka sita nimekuwa nikilisema na mmoja mmoja wenu, nimesimama upande wa nje wa kaunta na mkoba wa sabuni begani, huku wateja wakipita baina yetu na maneno yakikatika kabla hayajafika mwisho wake. Mimi ni mtengenezaji wa sabuni za mafuta ya nazi, zenye unga wa mwani wa pwani yetu na mafuta ya karafuu, na wengi wenu mmekwisha kuziweka rafuni mwenu kwa wema ambao siusahau. Nisemalo leo si lawama kwa mtu. Ni ombi la kuwa tukubaliane masharti kabla mali haijaingia dukani, na ya kuwa makubaliano hayo yaandikwe.

Aghalabu mazungumzo yetu huanza na kuisha kwa maneno matano: "Weka tu, mama, zikitoka tutakuita." Nami kwa miaka mingi nimejibu, "Haya, dokta," nikahesabu vipande, nikavipanga mwenyewe, nikatoka mlangoni nikidhani kuwa nimefanya biashara. Kumbe sikufanya biashara yoyote ila kuhamisha mali yangu kutoka kabati la nyumbani hadi kabati la jirani, maana hakuna katika sisi wawili aliyejua kama sabuni zile zimekopwa, zimewekwa amana, ama zimetolewa kwa wakala aniuzie kwa ujira.

Hebu niyaeleze yaliyonifika katika duka moja la dawa, ambalo sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe ni mtu mwema na kosa lilikuwa letu sote wawili. Mwezi wa Shaaban, kabla ya pilikapilika za Ramadhani na Idi, nilimpelekea vipande 48. Nikamwambia kuwa bei yangu ni shilingi 3,500 kwa kipande, naye aweke asilimia 30 yake. Akaitikia, tukaagana. Miezi mitano ilipopita bila ya kuitwa nilikwenda mwenyewe. Daftari la duka lilionyesha vipande 26 vimeuzwa. Rafuni nilikuta 13. Na vipande 9 havikuwamo rafuni wala daftarini, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kusema vilitoka siku gani, kama vilichukuliwa na wateja wenye mikono mirefu, ama vilitolewa zawadi, ama viliuzwa siku ambayo aliyekuwa kaunta hakuandika. Katika zile 13, nane zilikuwa zimepauka, kwa kuwa zilihamishiwa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la alasiri, na hapana mteja ambaye angezitazama mara mbili.

Nililipwa za vipande 26, yaani shilingi 91,000, kwa uaminifu na papo hapo. Lakini kipande kimoja hunigharimu shilingi 2,100 hadi kimalizike, nikijumlisha mafuta, kostiki, karafuu, karatasi ya kufungia, nauli, na ujira wa binti anayenisaidia. Na vipande 48 vilinigharimu 100,800. Vile vitano vilivyorudi salama nivikadirie kwa gharama yake, 10,500. Ukichanganya fedha niliyopokea na mali niliyorudishiwa utapata 101,500. Basi faida yangu ya miezi mitano, nauli zangu za kufuatilia zisihesabiwe, ilikuwa shilingi 700.

Wala miezi mitano hiyo si yote. Sabuni ya kumwaga kwa mkono haiuzwi siku ikatwayo. Huikata siku ya pili baada ya kuimwaga, ikiwa na uzito wa gramu 115 hivi, kisha nikaipanga juu ya vichanja penye hewa kwa majuma matano, maji yake yakawa yanatoka kidogo kidogo mpaka ikashuka karibu na gramu 100 na ikawa ngumu ya kustahimili maji. Fedha ya mafuta nimekwisha kuitoa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mtu aniambiaye "zikitoka tutakuita" huwa ananikopa, pasipo kujua, fedha ambayo imekaa majuma matano kwangu kabla ya kuanza kukaa kwake.

Katika kisa kile palikuwa na kosa jingine, dogo kwa sura lakini zito kwa athari, nalo ni lile neno asilimia 30. Mimi nilipolisema nilikuwa nikihesabu kutoka bei ya rafuni: sabuni iuzwe 5,000, duka lichukue thelathini katika kila mia, yaani 1,500, kwangu zibaki 3,500. Yeye alihesabu kutoka bei yangu: akachukua 3,500, akaongeza juu yake thelathini katika kila mia, ikawa 1,050, akaandika bei ya 4,550. Sote tulikuwa tumesema neno moja na sote tulikuwa tumehesabu sawasawa. Ili kufika 5,000 kwa hesabu yake ingempasa aongeze kiasi cha asilimia 43. Matokeo yake yeye alipunjika shilingi 450 kwa kila kipande alichouza, na mwenye duka la mtaa wa pili, ambaye alikuwa akiuza sabuni ileile kwa 5,000, alinipigia simu kwa uchungu kuniuliza kwa nini nampendelea mwenzake. Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku ile sisemi asilimia peke yake; husema bei mbili kwa shilingi, bei yangu na bei ya rafuni, na asilimia huiacha ifuate nyuma kwa atakaye kuihesabu.

Sasa niingie katika kiini cha barua hii. Wengi wenu huniomba masharti ya mali kauli, ya kuwa sitalipwa mpaka mteja anunue na kisichouzika nikichukue, na wakati huohuo hutaka fungu lilelile ambalo angestahili kulipata mtu aliyenunua kwa jumla na kulipa taslimu. Haya hayawezi kukaa pamoja kwa insafu. Anunuaye kwa jumla ametoa fedha yake; sabuni zikidoda, zikiliwa na panya, ama zikitoweka, hasara ni yake, na kwa kuwa amejitwika hatari hiyo ni haki yake apate fungu nono. Apokeaye mali kauli hakutoa kitu ila nafasi ya rafu. Najua rafu ina kodi yake, na umeme, na mshahara wa msaidizi, wala sisemi kuwa nafasi hiyo ni ya bure. Nasema tu kuwa nafasi ya rafu na nafasi ya rafu pamoja na fedha taslimu ni vitu viwili, na havistahili thamani moja.

Kwa hiyo bei ya rafuni nimeifunga katika shilingi 5,000 kwa maduka yote, asije mmoja wenu akamharibia mwenzake. Anunuaye kwa jumla, kuanzia darzeni moja, atanilipa 3,250 kwa kipande siku ya makabidhiano, na fungu lake ni 1,750. Apokeaye mali kauli atanilipa 3,750 kwa kila kipande kilichotoka, na fungu lake ni 1,250. Zile shilingi 500 zilizo baina ya mafungu haya mawili ndiyo thamani ya hatari, nami nimezipima kwa kisa cha vipande 48: laiti duka lile lingalinunua darzeni mbili tu kwa jumla, nusu ya mali niliyoiacha, ningalipokea 78,000 siku ileile, na baada ya kutoa gharama ya 50,400 ningalibakiwa na 27,600. Hizo ndizo nilizozipima na zile 700.

Najua mtaniambia kuwa sabuni yangu haijulikani, na ya kuwa hapana mfanyabiashara mwenye akili atakayetoa shilingi 39,000 kwa darzeni ya kitu ambacho hajaona mtu akikiulizia. Neno hili ni la haki. Jawabu langu ni kuwa nitakubali kubadilisha: nunua darzeni moja kwa jumla, na katika siku 60 za mwanzo, kipande chochote kisichotoka, ikiwa karatasi yake ni nzima, nitakichukua nikupe kingine cha harufu itokayo kwa wepesi zaidi. Fedha hairudi, lakini mali hubadilika. Katika maduka manne niliyoyapa sharti hili ni mawili tu yaliyowahi kuniomba nibadilishe, na yote mawili yalitaka nitoe za mwani mtupu nilete za karafuu.

Kwa wale ambao watabaki katika mali kauli, nami sikatai kabisa kuwapa, nina masharti matatu ambayo nayaona ni ya lazima. La kwanza ni muhula. Mali ikae siku 90, kisha ama inunuliwe ama irudi. Na jambo hili la muda halikutoka kichwani mwangu pekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya nchi yetu, Sura ya 214, inasema juu ya mali iliyotolewa kwa sharti la kuuzwa au kurudishwa, ya kuwa mpokeaji akiishikilia kupita muda uliowekwa pasipo kutoa taarifa ya kuikataa, umiliki huhamia kwake. Na ikiwa muda haukuwekwa, basi ni baada ya kupita muda ulio wa kiasi. Lakini muda wa kiasi ni upi kwa kipande cha sabuni? Mimi nitasema miezi mitatu, nawe utasema mwaka, na hakimu atakuwa na kazi bora za kufanya. Tukiandika siku 90 hatutahitaji kumwuliza.

Sharti la pili ni kuhesabu. Kila baada ya siku 30 nitakuja, siku tuliyoagana, tuhesabu pamoja kilichomo rafuni. Kama niliacha 24 na tukakuta 15, basi tisa zimetoka, nami nitalipwa za tisa, shilingi 33,750, bila ya kuulizana zimetoka kwa njia gani. Baadhi yenu hili limewachoma, mkasema kuwa nawatuhumu wizi. Hasha. Ufunguo wa duka uko kwako, msaidizi ni wako, nami siwezi kulinda kitu kilicho nyuma ya mlango nisioufunga. Wanazuoni wetu wa fikihi wamelifafanua jambo hili zamani: aliyepewa amana halipi kilichoharibika pasipo taksiri yake. Nami nakubali. Lakini mali iliyopangwa mahali pa kuuzia, kwa faida ya pande mbili, haifanani na kasha aliloacha msafiri kwa jirani, na hasa kwa kuwa hatuwezi kuthibitisha taksiri, ni bora tuagane mapema kuwa upungufu wa hesabu ni wa duka na uharibifu wa sabuni yenyewe ni wangu.

Na hapo pana ubishi mwingine, kwani sabuni iliyoharibika haisemi ni nani aliyeiharibu. Lakini yaweza kutambulika. Chukua kisu ukikate kipande katikati. Kama kimepauka upande mmoja tu, ule uliokuwa ukielekea kioo, na ndani rangi yake ni ileile ya awali, hilo ni jua, na jua ni la duka. Kama kina madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha ifikayo hadi moyoni, hayo ni mafuta yangu, nami nakichukua na kukilipia. Ili pasiwe na shaka, katika kila toleo huweka vipande viwili kabatini kwangu, vyenye namba ileile iliyopigwa kwenye karatasi yenu; nikija na kipande changu kikiwa kizima na chako kimeharibika, tutajua kuwa tofauti ni mahali vilipokaa. Kadhalika naomba msinirudishie sabuni kwa sababu ya kutoka jasho. Masika, hewa ya Tanga ikiwa nzito kama blanketi lililoloa, glisirini iliyomo ndani ya sabuni huvuta unyevu, na matone madogo yakatokea juu ya kipande kisicho na kasoro yoyote. Futeni kwa kitambaa kikavu, mkiache siku moja penye feni.

La tatu ni hati. Makabidhiano yaandikwe katika karatasi mbili, moja yako na moja yangu: tarehe, idadi, namba ya toleo, bei yangu, bei ya rafuni, muhula, na neno lisemalo wazi kuwa mali hii ni yangu hadi ilipiwe. Wako waliokasirika nilipotoa kalamu, wakaona kama nimewavunjia heshima, sisi tunaojuana tangu madrasa. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu, na iliteremshwa kwa watu waaminifu kuliko sisi.

Nami nimeona kwa macho yangu faida ya karatasi hiyo. Mzee mmoja wa Ngamiani, mwenye duka la vipodozi na nyuzi za kushonea, alikuwa na vipande vyangu 20 alipofariki. Warithi walipokaa kugawa tirka waliyahesabu yote yaliyomo dukani, na sabuni zangu ziliorodheshwa pamoja na nyuzi. Nilikwenda kutoa mkono wa pole na sikusema neno. Arubaini ilipopita nilimpelekea mwanawe mkubwa ile hati. Aliisoma amesimama mlangoni, akaingia ndani, akatoka na boksi lenye vipande 17 na bahasha yenye 11,250, za vitatu vilivyokwisha kuuzwa, akaniambia, "Mama, hii saini ni ya baba, naijua." Bila ya karatasi ile angewezaje kuwatolea ndugu zake mali kwa maneno yangu? Na ndivyo ilivyo kwa duka lililofungwa kwa deni la kodi: dalali wa mahakama akija na orodha yake hataulizia sabuni ni za nani, isipokuwa pawe na maandishi ya kumwonyesha.

Kwa mameneja wa supamaketi nina maneno machache, kwa kuwa ninyi mna hati nyingi kuliko mimi. Mmeniomba msimbo pau, nimeupata. Mmeniuliza juu ya usajili wa vipodozi, ambao tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, nanyi mna haki ya kuuliza, kwa maana rafu zenu zimewahi kuingiliwa na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni. Lakini mkiagiza vipande 144 na kulipa siku ya 45 baada ya ankara, mnanitaka nifunge shilingi 302,400 za gharama kwa siku zile 45 juu ya majuma matano ya kukausha, na mtengenezaji mdogo aliyefunga fedha hiyo hana ya kununulia mafuta ya toleo lifuatalo; ndiyo maana mwezi wa pili mnakuta rafu tupu na kunihesabu kuwa si mtu wa kutegemewa. Nilipeni nusu siku ya kupokea. Na mkitaka kupunguza bei kwa ajili ya ofa ya mwisho wa mwezi, niulizeni kwanza, maana siwezi kukubali punguzo nililoliona mara ya kwanza katika hesabu ya malipo yangu.

Sitapita tena dukani kwa mtu na mkoba mzima wa kuacha. Kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo nitazunguka, nikianzia Barabara za Ngamiani asubuhi na Chumbageni baada ya adhuhuri, nikiwa na darzeni moja kwa kila duka na hati mbili zilizokwisha kujazwa ila idadi na saini. Mwenye kutaka jumla aweke tayari 39,000. Mwenye kutaka mali kauli anionyeshe rafu ambayo jua haliifikii, na siku ya mwezi inayomfaa kuhesabu.

Wasalaam,

Mtengeneza sabuni, Tanga